Jinsi ya kuandika barua ya kukataa ofa ya kazi na kuacha mlango wazi: mwongozo kamili

Barua za kukataa kazi ambazo wasomaji wa Iringa, Njombe na Mbeya hunitumia nizipitie huwa na kasoro zilezile. Ama barua inashukuru kwa aya tatu bila kusema waziwazi kwamba mwandishi hatakuja, ama inajitetea mpaka mwajiri anaona anadanganywa, ama inaandikwa wiki mbili baada ya siku ya mwisho ya kujibu. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyefaulu usaili katika kampuni au taasisi binafsi, amepewa ofa kwa maandishi, hajaisaini, na ameamua kwenda kwingine, lakini angependa kufikiriwa tena na mwajiri huyohuyo siku za usoni.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mhasibu kijana anayeishi Iringa Mjini amepewa ofa na kampuni ya mbao iliyoko Mafinga, kwa barua ya tarehe 10 Machi 2025 inayomtaka ajibu kabla ya tarehe 17 Machi. Wakati huohuo amepata kazi katika hospitali moja jijini Mbeya, ambako anaweza kuhudhuria madarasa ya jioni ya kujiandaa na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA. Ameamua kwenda Mbeya.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Barua ya ofa yenyewe, ili unakili kumbukumbu namba, tarehe, jina kamili la nafasi na siku ya mwisho ya kujibu.
- Jina na cheo cha aliyesaini barua hiyo. Huyo ndiye utakayemwandikia, hata kama aliyekusaili ni mwingine.
- Namba ya simu ya ofisi na anwani ya barua pepe iliyotumika kukuletea ofa.
- Ofa ya kazi unayoichagua, ikiwa kwa maandishi na imesainiwa. Ahadi ya mdomo au ya ujumbe wa simu haitoshi.
- Karatasi mbili safi za A4, bahasha moja na kalamu ya wino wa bluu.

Usianze kuandika mpaka ofa ya pili iwe mkononi kwa maandishi. Wapo waliokataa kazi ya Njombe wakitegemea ahadi ya simu kutoka Mbeya, kisha simu ikaacha kupokelewa. Ukihitaji siku mbili tatu zaidi, mwombe mwajiri wa kwanza akuongezee muda kabla siku yake ya mwisho haijafika. Ombi la namna hiyo ni la kawaida na halimkeri mtu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba bado uko huru kukataa

Soma barua ya ofa mpaka ukurasa wa mwisho, uone kama kuna sehemu ya kukubali ambayo ulishaisaini na kuirudisha. Kama hukusaini chochote, endelea na hatua ya pili.

Kama ulishasaini mkataba, barua unayoihitaji si hii. Hapo unavunja makubaliano, na lazima ufuate kifungu cha notisi kilichomo ndani ya mkataba wako. Kwa aliyekwisha kuanza kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi. Kwa aliyesaini lakini hajaripoti, njia ya busara ni kuomba mazungumzo na kuachiliwa kwa maandishi.

Angalia pia kama umekwisha kupokea kitu cha mwajiri, kwa mfano nauli ya kuhamia, sare, au gharama za vipimo vya afya. Ulichopokea kitajwe katika barua pamoja na siku utakayokirudisha. Fedha ya nauli iliyonyamaziwa hukumbukwa muda mrefu kuliko usaili mzuri.

## Hatua ya 2: Piga simu kwanza, siku ileile utakayotuma barua

Sababu ya hatua hii iko katika namna ajira zinavyoendeshwa. Baada ya usaili, meneja wa rasilimali watu hubaki na orodha: wa kwanza, wa pili, wakati mwingine na wa tatu. Ofa hupewa wa kwanza, na wa pili huachwa akisubiri bila kuambiwa kitu. Huyo wa pili naye anatafuta kazi kwingine. Ukikataa mapema, meneja humpigia simu na nafasi ikajazwa ndani ya wiki hiyo. Ukichelewa mpaka wa pili amepata kazi kwenye shamba la chai huko Rungwe, meneja analazimika kutangaza upya, kuchambua maombi upya na kuitisha usaili upya, na kila anayeuliza sababu ya kuchelewa huelezwa habari zako.

Kwa hiyo kinachoulinda mlango usifungwe, zaidi ya maneno matamu, ni siku unazomwachia mwajiri. Mhasibu wetu ameamua usiku wa Jumanne. Anapiga simu Jumatano asubuhi tarehe 12 Machi, siku tano kabla ya siku ya mwisho.

Simu iwe fupi. Kwa meneja mwanamke aliyemzidi umri, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo mama. Mimi ni yule mhasibu mliyempa ofa kwa barua ya tarehe 10. Nimepiga kukushukuru, na kukueleza kwamba sitaweza kuipokea nafasi hiyo. Barua rasmi ninaituma leo, ila niliona si heshima uikute mezani kabla sijakwambia mwenyewe."

Mara nyingi utaulizwa, "Huko unakokwenda wanakulipa shilingi ngapi?" Huna wajibu wa kutaja kiasi, wala haifai kukitaja, kwa sababu ukishakitaja mazungumzo yanageuka kuwa ya bei. Jibu la heshima ni hili: "Mama, kilichoniamulia ni masomo yangu ya bodi, ambayo nikiwa Mafinga nisingeyaweza." Bila shaka jibu hilo linafaa kama ni la kweli tu.

Kama simu haipokelewi, jaribu mara nyingine mchana, kisha tuma barua jioni bila kusubiri zaidi. Usiiache habari hii kwa mtu wa mapokezi, kwa kuwa huwezi kujua itamfikia mhusika ikiwa imegeuzwaje.

## Hatua ya 3: Panga sehemu ya juu ya barua

Sehemu hii haina mengi. Anwani yako na tarehe hukaa juu upande wa kulia, anwani ya mwajiri hukaa chini yake upande wa kushoto, ikianza na cheo cha mwandikiwa, kisha jina la kampuni, sanduku la posta na mji. Anza kwa "Ndugu" likifuatwa na jina la ukoo lililo chini ya saini ya ofa. Salamu za nyumbani, kama "Kamwene" yetu ya Iringa, zimefaa kwenye simu. Katika barua ziache.

Penye hitaji la uangalifu ni kichwa cha habari. Wengi huandika "YAH: OFA YA KAZI" na kuishia hapo. Karani wa masjala anayepokea barua kumi kwa asubuhi moja hukisoma kichwa hicho na kuiweka barua katika jalada la waliokubali. Kichwa kibebe jibu lenyewe:

YAH: KUTOIPOKEA NAFASI YA MHASIBU, KUMB. NA. AJ/2025/07

Utajua umefaulu hatua hii ikiwa mtu asiyekufahamu, akisoma kichwa peke yake, anaweza kusema umejibu nini.

## Hatua ya 4: Sema hapana ndani ya aya ya kwanza

Aya ya kwanza ifanye mambo matatu tu: irejee barua ya ofa, ishukuru, iseme uamuzi. Hapa ndipo barua nyingi huharibika, na sababu yake naielewa, kwani tumelelewa kutomkatalia mkubwa uso kwa uso. Tunazunguka. Matokeo yake ni sentensi kama hii, ambayo nimeiona katika barua nyingi ikiwa na mabadiliko madogo:

"Nimeipokea ofa yenu kwa furaha kubwa, ila kwa sasa kuna mambo machache ya kifamilia na kimasomo ambayo bado nayaweka sawa, hivyo naomba mnielewe."

Meneja akisoma hivyo anaelewa kwamba unaomba muda, au unataka uongezewe mshahara. Atakusubiri. Atakupigia baada ya wiki, na wewe utalazimika kukataa mara ya pili, safari hii akiwa amekwisha kumpoteza mtu wa pili katika orodha yake. Maneno ya kuepuka katika sentensi ya uamuzi ni "kwa sasa", "naona vigumu", "pengine" na "naomba mnielewe", kwa kuwa kila moja linaacha shaka ambayo mwajiri atalazimika kuilipia.

Iandike hivi:

"Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. AJ/2025/07 ya tarehe 10 Machi 2025. Ninakushukuru kwa kunipa nafasi ya Mhasibu katika kampuni yako, na ninasikitika kukujulisha kwamba sitaipokea nafasi hiyo."

"Sitaipokea" linatosha. Heshima imebebwa na shukrani iliyotangulia na kasi uliyojibu nayo.

Maneno "Husika na kichwa cha habari hapo juu" si kosa, na ofisi nyingi za umma zimeyazoea, lakini kichwa kikiwa wazi yanachukua mstari bure. Mimi huyaacha.

## Hatua ya 5: Toa sababu moja, ya kweli, isiyomdhalilisha mwajiri

Sababu moja huaminika. Sababu nne hutia shaka, hata zikiwa zote za kweli, kwa sababu msomaji hujiuliza ipi hasa ndiyo iliyokuamulia.

Katika mfano wetu, mhasibu ana sababu tatu moyoni: masomo, mshahara wa Mbeya uliozidi kidogo, na baridi ya Mufindi ambayo haipendi. Ya tatu haiandikwi kabisa; mwajiri na wafanyakazi wake wote wanaishi katika baridi hiyo. Ya pili ingeandikwa kama angetaka kujadiliana, lakini hataki. Inabaki ya kwanza, ambayo pia ina faida ya pekee: ina mwisho. Masomo huisha, na yakiisha, kilichomzuia kuja hakipo tena. Ukiwa na sababu kadhaa za kweli, chagua ile inayoweza kuondoka na wakati, kwa kuwa ndiyo itakayobeba aya ya mlango wazi.

Jiepushe na uongo, hasa wa ugonjwa na msiba. Waajiri wa ukanda huu si wengi. Anayeajiri wahasibu kwa ajili ya viwanda vya mbao vya Mufindi hukutana na wenzake wa chai, wa parachichi za Njombe na wa kahawa ya Mbozi, na wakaguzi wa hesabu wanaowatembelea mara nyingi ni walewale. Ukisema unamuuguza mzazi Iringa na mwezi unaofuata ukaonekana umekaa dirishani hospitalini Mbeya, habari itafika.

Kumtaja mwajiri mpya kwa jina si lazima. Kutaja mji kunatosha, na hata huo unatajwa kwa sababu tu unaieleza sababu yenyewe.

## Hatua ya 6: Andika mlango wazi kwa namna inayoweza kukumbukwa

"Nitafurahi kufanya kazi nanyi siku nyingine" ni sentensi ambayo kila mtu huiandika, na kwa hiyo hakuna anayeihifadhi. Sentensi inayofanya kazi ina mambo mawili: jambo mahususi uliloliona kwao, na wakati ambapo utakuwa huru au utakuwa na ujuzi zaidi.

Jambo mahususi litoke kwenye usaili. Mhasibu wetu alielezwa kwamba kampuni inataka kuhamisha hesabu za ghala la mbao kutoka vitabu vya mkono kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Alivutiwa na kazi hiyo kweli, kwa hiyo anaitaja. Kama hukuvutiwa na lolote, taja namna ulivyopokewa siku ya usaili, ila usitunge sifa.

Kuhusu wakati, usiahidi usichokimiliki. Yeye anaweza kusema kwamba anatarajia kufanya mitihani ya Novemba 2025, kwa sababu amekwisha kujipanga. Hawezi kusema kwamba mwaka 2026 atakuja, kwa sababu atakuwa na mkataba mwingine. Vilevile asijitolee kuwasaidia kazi za mwisho wa wiki kabla hajasoma mkataba wake wa Mbeya, kwani mikataba mingi hukataza kumfanyia kazi mtu mwingine bila kibali.

Wengine hupenda kumpendekeza rafiki achukue nafasi hiyo. Ni msaada mzuri endapo rafiki amekubali jina lake litajwe na anazo sifa zilizotangazwa. Lisemee kwenye simu, usiliweke katika barua, maana barua inaingia jaladani na inaweza kuonekana kana kwamba unampangia mwajiri.

## Barua kamili

> S.L.P. ………,
> Iringa.
> 12 Machi 2025
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (Jina la kampuni),
> S.L.P. ………,
> Mafinga.
>
> Ndugu ………,
>
> YAH: KUTOIPOKEA NAFASI YA MHASIBU, KUMB. NA. AJ/2025/07
>
> Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. AJ/2025/07 ya tarehe 10 Machi 2025, pamoja na mazungumzo yetu ya simu ya leo asubuhi. Ninakushukuru kwa kunipa nafasi ya Mhasibu katika kampuni yako, na ninasikitika kukujulisha kwamba sitaipokea nafasi hiyo.
>
> Nimefikia uamuzi huu kwa sababu ninajiandaa na mitihani ya NBAA ya Novemba 2025, na nimepata kazi jijini Mbeya ambako nitaweza kuhudhuria madarasa ya jioni.
>
> Katika usaili nilivutiwa na mpango wenu wa kuhamishia hesabu za ghala kwenye mfumo wa kompyuta, ambayo ni kazi ninayotamani kuifanya nikiwa nimekamilisha masomo hayo. Ikitokea nafasi ya aina hiyo baada ya mitihani, ningeshukuru kupata taarifa ili niombe kama waombaji wengine.
>
> Ninakushukuru wewe na jopo la usaili kwa muda mlionipa. Sina kitu wala fedha ya kampuni niliyoipokea.
>
> Wako mwaminifu,
>
> (saini)
> (Jina kamili)
> Simu: ………
> Barua pepe: ………

Maneno "niombe kama waombaji wengine" yana kazi yake. Yanamwonyesha meneja kwamba hudai upendeleo kwa sababu uliwahi kuchaguliwa. Kuhusu kumalizia, "Wako mwaminifu" hutosha kwa kampuni. "Wako katika ujenzi wa Taifa" liache kwa ofisi za serikali.

Barua nzima inapaswa kuenea katika ukurasa mmoja, tena ikiwa na nafasi ya kutosha pembeni. Ikivuka ukurasa, karibu kila mara kilichozidi ni utetezi, na hicho ndicho cha kufuta.

## Hatua ya 7: Ifikishe, na ubaki na ushahidi

Isaini nakala ya karatasi, ipige picha iliyonyooka au iskani, na uitume kama PDF kwa barua pepe ileile iliyokuletea ofa, ukijibu ujumbe wao badala ya kuanzisha mpya, ili mfululizo wa mawasiliano ukae pamoja. Faili lipe jina linaloeleweka, lenye jina lako na kumbukumbu namba ya ofa.

Kama ofa ililetwa kwa karatasi, peleka na karatasi. Ukienda mwenyewe au ukimtuma ndugu anayepita Mafinga, beba nakala mbili: moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwako. Muhuri huo unakuokoa siku mtu akidai kwamba hukujibu.

WhatsApp itumike kwa kuarifu tu: "Habari za mchana mama, barua niliyokueleza nimeituma kwa barua pepe." Barua yenyewe isitumwe huko peke yake, kwa sababu ujumbe unabaki kwenye simu ya mtu, na siku akihama kazi ofisi haina kumbukumbu yako.

## Utajuaje kwamba imefanya kazi

Dalili nzuri ya kwanza ni jibu fupi, hata la mstari mmoja, linalosema wamepokea na wanakutakia heri. Dalili iliyo bora zaidi ni meneja kukuuliza utamaliza masomo lini, au kukuomba uwatumie wasifu wako tena mwakani.

Unaweza pia kupigiwa simu na kuongezewa mshahara. Kama uamuzi wako ulikuwa wa masomo, jibu ni lilelile la kwanza, kwa upole na bila kuomba siku ya kufikiri. Ukikubali nyongeza baada ya kuandika kwamba tatizo ni masomo, barua yako inakuwa ya uongo, na umemkatisha tamaa pia mwajiri wa Mbeya aliyekuwa anakusubiri.

Wakikaa kimya, usihangaike. Tuma ujumbe mmoja baada ya siku tatu za kazi kuuliza kama barua imefika, kisha acha.

Kinachobaki ni kuandika tarehe katika shajara yako. Mhasibu wetu aandike mwezi utakaofuata kutoka kwa matokeo ya Novemba, na siku hiyo amtumie meneja barua pepe ya sentensi tatu: amkumbushe kumbukumbu namba ya ofa ya Machi, amweleze matokeo yake yalivyokuwa, na ataje lini mkataba wake wa Mbeya utakuwa na nafasi ya kutoa notisi. Kama matokeo hayakuwa mazuri, ujumbe uandikwe vilevile, na ueleze ni lini atarudia mtihani.